Picha mbili za ukurasa mmoja wa leja: mistari imetimia 42 lakini kilo zimezidi 33

Katibu_Msaidizi

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na ukurasa mmoja tangu asubuhi na bado unanishinda.

Nahamisha leja ya mapokezi ya pamba ya chama chetu cha msingi kwenda Excel. Ni ile leja ndefu ya jalada gumu, ukurasa una mistari 42. Simu yangu ni ya kawaida, nikipiga ukurasa wote kwa mara moja tarakimu zinakuwa na ukungu. Kwa hiyo napiga picha mbili, ya juu na ya chini, na katikati naziacha zipandane kama mabati ya paa ili pasipotee mstari.

Picha ya juu ina mistari 26, nimeiandika mimi. Ya chini ina mistari 24, kaiandika binamu yangu. Tumeziunganisha kwenye shiti moja ikawa mistari 50, nikabonyeza Remove Duplicates kwa safu zote: tarehe, namba ya mwanachama, daraja, kilo. Ikabaki 42. Nikafurahi, maana ndiyo idadi ya kwenye kitabu. Sasa kujumlisha kilo napata 1,907, wakati karani aliandika chini ya ukurasa jumla 1,874. Zimezidi kilo 33. Nimepitia kila mstari kutafuta 33, hakuna hata mmoja. Je, karani alikosea kujumlisha?

fundi_simu_mbagala

Mkuu unajitesa. Unganisha picha kwanza, halafu uandike kutoka kwenye picha moja. Tumia panorama ya simu au programu ya kuunga picha. Ukishapata picha moja ndefu, suala la mistari kujirudia linakufa lenyewe.

Katibu_Msaidizi

Nilijaribu kabla sijaja hapa. Panorama ilipindisha mistari ikawa kama mawimbi. Programu ya kuunga ilitoa picha safi kabisa, ila nikihesabu mistari napata 41, na kilo zinakuja 1,801. Ndiyo maana niliiacha.

Karani_Mstaafu

Kijana, kabla hujamsingizia karani mwenzangu, tulia kwanza. Nimeshika leja miaka mingi kabla ya hizo kompyuta.

Jumla zikikataa, unaanza na tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9, mara nyingi kuna tarakimu mbili zimepinduana, mtu kaandika 45 badala ya 54. Yako ni 33, haigawanyiki kwa 9, kwa hiyo huko usipoteze muda. Ikiwa sawa na kiasi cha mstari mmoja, basi mstari huo umeruka au umeandikwa mara mbili. Umesema 33 haipo. Basi yaelekea kuna makosa mawili, moja limeongeza na jingine limepunguza. Kuna kitu kimezidi na kitu kimepotea, na ukitoa kimoja kwa kingine unapata 33.

Halafu ile picha yako ya mistari 41: 1,874 ukitoa 1,801 ni 73. Tafuta mwanachama mwenye kilo 73.

Katibu_Msaidizi

Mzee shikamoo. Yupo! Mwanachama namba 019, kilo 73, mstari wa 23 kwenye kitabu. Kwenye picha iliyoungwa hayupo kabisa. Unaona 156 mwenye kilo 28, halafu chini yake 172 mwenye kilo 40. Na hakuna alama ya kiungo, nimekuza mpaka mwisho.

Karani_Mstaafu

Marahaba. Kwa nini mashine imle huyo mmoja tu, hilo waulize vijana.

Bi_Ramani

Hilo naweza kulijibu. Kazi yangu ni kuunga picha za ramani na michoro ya zamani, na karatasi yenye mistari iliyochapwa ndiyo adui yangu mkubwa.

Programu ya kuunga inatafuta vitu vinavyofanana kwenye picha zote mbili: kona, makutano ya mistari, madoa. Leja ni mistari ya kulala na ya kusimama, na kila makutano yanafanana na yaliyo chini yake, kwa umbali uleule. Kwa hiyo programu ikiteleza mstari mmoja, makumi ya makutano bado yanakubaliana vizuri tu. Maandishi ya mkono ndiyo yangepinga, lakini ni mepesi na machache ukilinganisha na wino mweusi wa kiwandani. Kwako mistari iliyopandana ni 26 jumlisha 24 toa 42, yaani 8. Programu ikadhani ni 9. Mstari wa 23 wa picha ya juu ukalaliwa na wa 24 wa picha ya chini, na programu ikakata hapohapo, mahali penye mstari wa kiwandani, ndiyo maana huoni kovu.

Picha ikiungwa vibaya kwa nusu mstari utaona herufi zenye vivuli, utaitupa. Ikiungwa vibaya kwa mstari mmoja kamili inakuwa safi, nawe utaiamini. Kaka wa Mbagala, ushauri wako unafaa kwa picha ya mlima. Kwa leja, picha iliyoungwa ni ya kutazamia tu, usiinukuu mpaka umehesabu mistari yake.

fundi_simu_mbagala

Sawa dada, hapo nimejifunza. Ila kuna programu zina aina ya kuunga ya nyaraka. OpenCV ina `Stitcher_SCANS`, hiyo haipindishi.

Bi_Ramani

Kweli, hiyo inachukulia karatasi ni bapa na kamera ndiyo iliyohama, wakati panorama inachukulia kamera imezunguka palepale. Mawimbi yatapungua. Kuteleza mstari mmoja hakutaondoka, kwa sababu hilo linatokana na karatasi yenyewe kujirudia.

wa_githunguri

Habari zenu. Mimi niko Kenya, tuna daftari la maziwa, na shida ni hiyohiyo. Majina ya wakulima yako kushoto, halafu siku za mwezi 1 mpaka 31 zinaenda kulia. Napiga picha ya kushoto na ya kulia. Nikiunganisha, unapata lita za mtu wa 14 zimeandikwa kwa mtu wa 15. Nifanye aje?

Bi_Ramani

Yako ni nyingine kidogo, dada. Mwenzetu amekata ukurasa kwa urefu, wewe umeukata kwa upana. Kwake mistari inajirudia, kwako safu ndizo zinajirudia na mistari inapoteza jina. Ngoja tumalize ya huyu.

Katibu_Msaidizi

Nimefuata maneno ya mzee, nimepitia tena lile eneo lililopandana nikitafuta kitu kilichozidi. Mwanachama 203 ametokea mara mbili siku moja: kilo 61 na kilo 67. Nimefungua kitabu, mstari wa 20, yuko mara moja tu. Mimi nilisoma 61, binamu akasoma 67. Excel ikaona ni watu wawili tofauti, ikawaacha wote.

Nimeifuta 67. Sasa nina mistari 41 na kilo 1,840. Yaani nimesahihisha kosa na hesabu imezidi kuharibika, kwanza ilikuwa mistari 42!

Karani_Mstaafu

Haijaharibika, imevuliwa nguo. Sasa umepungukiwa 34 na mstari mmoja. Tafuta mwenye 34.

Katibu_Msaidizi

Namba 117, daraja A, kilo 34. Kitabuni yuko mstari wa 11 na tena mstari wa 12. Siku moja, daraja moja, kilo zilezile. Excel imebakiza mmoja. Na mistari hiyo haipo hata kwenye sehemu iliyopandana, iko juu huko kwenye picha yangu peke yake!

67 toa 34 ni 33. Mzee heshima yako.

Bi_Ramani

Na hapo ndipo tatizo lilipo tangu mwanzo. Remove Duplicates haijui kama kuna picha mbili. Inauliza swali moja tu: je, safu hizi zimeshaonekana juu? Zikiwa zimeonekana, inafuta. Mtu aliyeleta viroba viwili vya uzito mmoja anafutwa, na mstari uliosomwa kwa namna mbili unabaki. Kwako makosa hayo mawili yalilingana idadi, ukapata 42, na 42 ikakudanganya.

Swali la kuuliza ni jingine: mkia wa picha ya juu unafanana na kichwa cha picha ya chini kwa urefu wa mistari mingapi? Picha mbili za ukurasa mmoja haziwezi kushirikiana mstari wa 11 na wa 40 huku za katikati hazishirikiani. Kinachorudiwa ni kipande kimoja kilichoshikana, kinaishia mwisho wa picha ya kwanza na kinaanzia mwanzo wa picha ya pili. Nje ya kipande hicho, mistari miwili ikifanana, yote miwili ni halali na huigusi.

Kwa mkono unafanya hivi. Weka picha ya juu safu za kushoto, ya chini safu za kulia. Sogeza za kulia mpaka mwanachama wa kwanza wa picha ya chini akae ubavuni mwa mwenzake wa kushoto, kwako ni namba 088 mwenye kilo 52. Usiridhike na huyo mmoja, shuka naye mpaka kushoto kuishe. Kwako itakuwa hivi:

```
mstari  picha ya juu   picha ya chini
19      088  52        088  52
20      203  61        203  67
21      041  40        041  40
22      156  28        156  28
23      019  73        019  73
24      172  40        172  40
25      064  55        064  55
26      130  47        130  47
```

Saba zinakubaliana, moja inatofautiana, na hiyo moja imezungukwa na zinazokubaliana pande zote. Hapo huna wasiwasi kwamba 203 ni mtu mmoja aliyesomwa vibaya. Angalia pia kilo 40 zipo mara mbili, mstari wa 21 na wa 24. Ungelinganisha kilo peke yake na kuridhika na mstari mmoja, ungeweza kushona hapo pasipo pake.

nyoka_mweusi

Hii inafanyika kwa mistari michache ya Python. Una kurasa ngapi? Usifanye kwa mkono.

```python
def mapandano(a, b, makosa=1):
    for k in range(min(len(a), len(b)), 0, -1):
        m = sum(x != y for x, y in zip(a[-k:], b[:k]))
        if m <= makosa:
            return k
    return 0
```

`a` ni orodha ya picha ya juu, `b` ya chini, kila kipengele ni (namba, daraja, kilo). Inaanza na mpandano mrefu iwezekanavyo na kushuka. Inaruhusu mstari mmoja usomeke tofauti. Kwa data yako itarudisha 8.

Katibu_Msaidizi

Kurasa 118. Asante sana mkuu, binamu anajua kuendesha Python kidogo.

Bi_Ramani

Nyoka, nzuri, ila ina shimo. Ikishuka mpaka k ikawa 1 na umeruhusu kosa moja, mstari wowote utafanana na mstari wowote. Mpiga picha akisahau kuzipandisha picha, badala ya kurudisha 0 itarudisha 1, na mstari mmoja utaliwa kimyakimya.

nyoka_mweusi

Dah. Kweli kabisa. Nimeweka kiwango cha chini cha mistari 3:

```python
def mapandano(a, b, angalau=3, makosa=1):
    for k in range(min(len(a), len(b)), angalau - 1, -1):
        m = sum(x != y for x, y in zip(a[-k:], b[:k]))
        if m <= makosa:
            return k
    return 0
```

Ikirudisha 0, usiunge. Rudi kwenye kitabu.

Bi_Ramani

Hiyo naikubali, kwa sharti moja: kila picha iwe imeandikwa bila kuruka mstari. Binamu akiruka mstari mmoja ndani ya sehemu iliyopandana, yote iliyo chini yake inateleza na mara nyingi hesabu inakuwa 0. Si vibaya sana, angalau mara nyingi itakataa badala ya kudanganya.

Na mistari iliyokatwa na ukingo wa picha isihesabiwe. Ukiona miguu tu ya tarakimu pale juu ya picha ya chini, usiiandike hata kama unadhani unaijua. Kazi ya kupandisha picha ni hiyo hasa, mstari uliokatwa kwenye moja uwe mzima kwenye nyingine.

Katibu_Msaidizi

Sasa pale zinapotofautiana kama 61 na 67, nachukua ipi? Nina kitabu leo, lakini wiki ijayo kinarudi kwa mwenyekiti, nitabaki na picha tu.

Bi_Ramani

Chukua ya picha ambayo mstari huo uko mbali zaidi na ukingo. Kingoni ndipo simu inapovuta herufi, mwanga unapungua na karatasi inajikunja. Mstari wa 20 kwenye picha ya juu una mistari sita chini yake. Kwenye picha ya chini ni wa pili kutoka ukingoni. Kwa hiyo 61 ina uzito zaidi, na kitabu kimethibitisha.

Ukiifanya hiyo iwe kanuni, unakata katikati ya mpandano. Mistari 19 mpaka 22 unaichukua kutoka juu, 23 mpaka 26 kutoka chini. Kwa lugha ya nyoka:

```python
k = mapandano(a, b)
ukurasa = a[:len(a) - k + k // 2] + b[k // 2:]
```

22 za juu, 20 za chini, 42. Lakini kabla ya kutupa nusu ya nakala, chapisha zile zinazotofautiana uzione kwa macho. Mpandano ndiyo sehemu pekee ya ukurasa ambayo watu wawili wameisoma bila kuangaliziana. Ukiona tofauti tatu katika mistari nane, jua hata ile mistari mingine ambayo mmoja tu ameisoma haiko salama.

Katibu_Msaidizi

Binamu ameendesha. Imerudisha 8, mistari 42, kilo 1,874. Sawasawa na ya karani.

Karani_Mstaafu

Nilikuambia usimsingizie.

Sasa kwa hizo kurasa nyingine nikupe dawa ya bei ya karatasi. Chukua karatasi ndefu nyembamba, iweke kando ya ukurasa, andika 1 mpaka 42, kila namba mkabala na mstari wake. Ibane na kitu kizito isisogee. Piga picha ya juu, piga ya chini, namba zinaonekana zote mbili. Mnapoandika, safu ya kwanza iwe hiyo namba ya mstari. Hapo hutahitaji Python wala nini.

nyoka_mweusi

Mzee umeniua kibudu 😂 Ila ni kweli. Ukiwa na safu ya mstari, Remove Duplicates kwa safu hiyo peke yake inakuwa sahihi, 11 na 12 ni tofauti hata kama 117 ni yuleyule.

Bi_Ramani

Inakuwa sahihi kwa idadi. Bado ingebakiza ya kwanza kila mara bila kukwambia kwamba 20 ilikuwa na 61 na 67. Panga kwanza kwa namba ya mstari, linganisha jozi, ndipo ufute. Na mzee, karatasi ikisogea kati ya picha mbili hata mstari mmoja, tumerudi palepale. Kwa hiyo jumla ya ukurasa bado inabaki kuwa shahidi.

Karani_Mstaafu

Ndiyo maana nikasema kitu kizito.

wa_githunguri

Mimi nimengoja 🙂

Bi_Ramani

Pole dada. Yako, karatasi ya mzee iwekwe katikati, kwenye sehemu itakayoonekana kwenye picha zote mbili, lakini isifunike lita. Hata ukiacha siku mbili tatu zirudiwe kwenye picha zote mbili, lita za siku hizo ndizo zitakuambia kama mtu wa 14 ameteleza. Ukisoma siku ya 15 na 16 kutoka juu mpaka chini kwenye picha zote mbili, mfuatano lazima uwe mmoja.

wa_githunguri

Shida wengi huleta lita zilezile kila siku. Lita 6, 6, 6, 4, 6. Mfuatano unafanana hata ukiteleza.

Bi_Ramani

Hapo ni kweli, lita hazitakusaidia. Utegemee namba za pembeni, na jumla ya kila mkulima kama daftari linayo mwisho wa mwezi. Kama halina, mimi ningepiga picha moja ya upana wote hata ikiwa na ukungu, si ya kusoma tarakimu bali ya kuona mstari gani unaenda wapi.

fundi_simu_mbagala

Swali dogo. Huyo 117 mwenye kilo 34 mara mbili, mna uhakika ni viroba viwili? Isije ikawa karani mwenyewe aliandika mara mbili.

Karani_Mstaafu

Mh.

Katibu_Msaidizi

Nimelifikiria hilo pia. Jumla ya 1,874 imezihesabu zote mbili, kwa hiyo kwa upande wa kunakili nimenakili kilichoandikwa. Kama ni viroba viwili, lazima kuwe na stakabadhi mbili. Kitabu cha vishina vya wiki hiyo kiko kwa mkaguzi, nimeambiwa nirudi Jumatatu. Mistari yote miwili nimeiacha, nimeipaka rangi ya njano.